Megapikseli nyingi, picha hafifu: namba ya kamera ya simu inakuambia nini?

Chukua familia moja ya Dar es Salaam iliyokusanyika nyumbani kwa bibi saa mbili usiku. Mjukuu wake amejifungua wiki mbili zilizopita na leo kitukuu wa kwanza ameletwa kuonwa. Bibi amempakata. Sebuleni kuna taa moja tu ya dari, na nusu ya mwanga wake unaishia kwenye pangaboi.

Watu wawili wanapiga picha wakiwa wamesimama bega kwa bega. Mmoja ni kijana wa nyumba hiyo, ana simu mpya ya bei ya kati ambayo mgongoni imeandikwa 50MP. Mwingine ni shangazi yake, ana Samsung Galaxy S9 aliyoinunua ikiwa imeshatumika, simu iliyotoka mwaka 2018 na kamera ya megapikseli 12.

Picha zikichapishwa siku inayofuata, ile ya simu mpya inaonyesha uso wa bibi umelainishwa kama uliopakwa nta. Mikunjo ya mashavu haipo, maua ya khanga yamechanganyikana na mkono wa mtoto ni ukungu mtupu. Ile ya shangazi ina giza kidogo pembeni, lakini nywele nyeupe za bibi zinahesabika na vidole vya mtoto vinaonekana vyote vitano.

Kijana ataona kwamba dukani alipigwa. Hakupigwa. Simu yake ina pikseli milioni 50 kweli, na muuzaji aliyemwambia hivyo hakudanganya. Alichouziwa ni jibu sahihi la swali ambalo si lake, kwa sababu usiku ule sebuleni kilichopungua hakikuwa pikseli.

Nukta milioni moja

Picha ya simu ni kama mkeka uliosukwa kwa vipande vidogo vya mraba, kila kimoja kikiwa na rangi moja tu. Kipande hicho kimoja ndicho pikseli. Ukikuza picha kwa vidole hadi mwisho utaviona, vimepangwa kwa mistari ya kulala na ya kusimama. Megapikseli moja ni pikseli milioni moja, basi. Hakuna siri nyingine ndani ya neno hilo.

Namba hiyo hupatikana kwa kuzidisha upana wa picha kwa kimo chake. Picha yenye pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo ina pikseli 12,000,000, yaani megapikseli 12. Yenye 8,000 kwa 6,000 ina megapikseli 48.

Angalia vizuri mfano huo, maana ndipo matangazo yanapompiga mtu chenga. Kutoka 12 hadi 48 namba imeongezeka mara nne, lakini upana umeongezeka mara mbili tu, kutoka 4,000 hadi 8,000. Kwa hiyo hata mambo yakienda sawa kabisa, kamera ya 48 haiwezi kuonyesha mambo madogo mara nne zaidi ya kamera ya 12. Uwezo wake unaishia mara mbili, na tutaona kwamba mara nyingi hata hiyo mara mbili haifikii.

Jambo lingine ni matumizi. Picha ya kuweka kwenye albamu, ile ya sentimita 10 kwa 15, ikichapishwa kwa kiwango kizuri cha nukta 300 kwa kila inchi inahitaji pikseli 1,800 kwa 1,200. Hizo ni megapikseli mbili na kidogo. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, ya kutundika ukutani, inahitaji megapikseli tisa hivi. Kioo cha simu nyingi chenyewe kina pikseli 1,080 kwa 2,400, ambazo hazifiki hata megapikseli tatu. Ukitazama picha ya megapikseli 50 kwenye kioo hicho bila kuikuza, simu inalazimika kutupa sehemu kubwa ya ilichokipiga ili itoshe.

WhatsApp nayo hufanya kitu kama hicho. Ukituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza hadi ikabaki na megapikseli chache tu, ndiyo maana picha iliyopigwa na simu ya 108 na ile ya simu ya 12 zikifika kwenye kundi la familia huwa na nukta karibu sawa. Anayetaka kuokoa zaidi kidogo abonyeze alama ya HD kabla ya kutuma, na anayetaka picha ifike kama ilivyopigwa aitume kama faili, kwa njia ya Document.

Beseni na vikombe vya kahawa

Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kuna kipande chembamba cha umeme kinachopokea mwanga. Kiitwe kihisi. Juu yake ndipo pikseli zilipo, na kila pikseli kazi yake ni kukusanya mwanga unaoiangukia na kuupima.

Fikiria uani wakati wa manyunyu mepesi. Umeweka mabeseni mapana kadhaa kwa safu, na pembeni umeweka vikombe vidogo vya kahawa. Manyunyu yakidumu dakika moja, kila beseni limepata matone mengi, na ukilinganisha beseni na jirani yake hutaona tofauti ya maana. Vikombe ni hadithi nyingine. Kimoja kimepata matone tisa, cha pili kumi na nne, cha tatu sita, ingawa mvua iliyonyesha juu yao ni ile ile.

Mwanga huja hivyohivyo, kwa chembechembe, na hauangukii kila mahali kwa usawa kamili. Kuna hesabu yake. Pikseli inayopata chembe 10,000 kwa kawaida hutofautiana na jirani yake kwa chembe 100 hivi, sawa na asilimia moja, ambayo jicho halioni. Pikseli inayopata chembe 100 hutofautiana kwa chembe 10, na hiyo ni asilimia kumi. Hapo ndipo ukuta mweupe unapojaa vidoadoa vya kijivu, vyekundu na vya kijani. Hizo ndizo chenga.

Simu haipendi kukuonyesha chenga, kwa hiyo programu yake huzifuta kwa kuzichanganya pikseli jirani mpaka ziwe laini. Tatizo ni kwamba programu hiyo haijui vizuri kipi ni chenga na kipi ni mkunjo wa shavu la bibi. Vyote ni tofauti ndogondogo za rangi, basi inafuta vyote. Ule uso wa nta haukutokana na lenzi mbovu wala mkono wa mpigaji. Ulitokana na njaa ya mwanga, kisha dawa ya kuificha njaa hiyo.

Sasa turudi kwenye simu mbili za sebuleni. Pikseli hupimwa kwa maikroni, ambayo ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwani una unene wa maikroni 50 hadi 100 hivi. Galaxy S9 ina pikseli zenye upana wa maikroni 1.4. Kihisi cha aina inayotumika sana kwenye simu za 50MP za bei ya kati kina pikseli za maikroni 0.64. Kwa eneo, pikseli moja ya simu ya shangazi ni karibu mara tano ya pikseli moja ya simu ya kijana. Ni beseni dhidi ya kikombe.

Ukijumlisha pikseli zote utapata ukubwa wa kihisi kizima. Cha simu ya zamani ni kama milimita 5.6 kwa 4.2, na cha simu mpya ni kama milimita 5.2 kwa 3.9. Ile yenye megapikseli 50 ina uani mdogo kuliko ile yenye 12, ila tu imejaza vyombo vingi zaidi mle ndani. Vyombo vingi haviongezi mvua.

Zaidi ya hapo, S9 ina lenzi inayofunguka hadi f/1.5, wakati nyingi za simu za aina ya pili hufunguka f/1.8. Katika namba hizi, ndogo ndiyo dirisha kubwa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa macho lakini ni nyongeza ya mwanga ya zaidi ya asilimia 40. Ukichanganya dirisha na uani, simu ya zamani usiku ule ilikusanya mwanga wa kama mara moja na nusu hadi mara mbili ya simu mpya kwa muda uleule.

Kwa nini simu ya 50 inatoa picha ya 12

Watengenezaji wanalijua tatizo hili vizuri kuliko mtu yeyote, na dawa yao ni kuviunganisha vikombe. Pikseli nne za jirani, mbili kwa mbili, hufanywa kuwa moja kubwa na mwanga wake hujumlishwa. Milioni 50 zikigawanywa kwa nne zinabaki 12 na nusu. Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020, iliyotangazwa kwa megapikseli 108, iliunganisha pikseli tisa tisa, na picha zake za kawaida zilikuwa za megapikseli 12.

Unaweza kulihakikisha hili kwa simu yako leo. Fungua picha uliyopiga, telezesha juu au bonyeza Details, kisha tazama vipimo. Kwenye simu ya 50MP mara nyingi utakuta kitu kama 4080 x 3072. Zidisha: ni milioni 12 na nusu. Huenda umeimiliki simu hiyo miaka miwili na hujawahi kupiga nayo picha hata moja ya megapikseli 50.

Je, kuunganisha kunatosha? Kunasaidia sana, na bila hiyo picha za usiku zingekuwa mbaya zaidi. Lakini pikseli nne za maikroni 0.64 zikiungana zinakuwa na upana wa maikroni 1.28. Bado hazijazifikia zile 1.4 za simu ya shangazi. Safari yote hiyo imemrudisha kijana karibu na pale simu ya 2018 ilipoanzia, nyuma kidogo.

Baadhi ya watu wakigundua hivyo huenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya kamera na kuwasha 50MP ili wapate thamani ya pesa yao. Mchana wa jua kali hilo halina neno. Ndani ya nyumba usiku ni kujiumiza, kwa sababu unairudisha simu kwenye vikombe vya kahawa, na kila picha inachukua nafasi mara kadhaa ya ile ya kawaida kwenye simu.

Hata mchana, hizo milioni 50 hazipo zote kwa namna mtu anavyofikiri. Pikseli yenyewe haioni rangi. Juu yake huwekwa kichujio chekundu, cha kijani au cha bluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak miaka ya 1970 na bado unatawala. Kwenye vihisi vingi vya megapikseli 50 pikseli zote nne za kundi moja zimefunikwa na kichujio cha rangi moja. Kwa hiyo upande wa rangi kamera inaona kwa kiwango cha megapikseli 12, kisha programu inakisia zilizobaki. Inakisia vizuri, lakini ni kukisia.

Halafu kuna lenzi. Hata lenzi isiyo na kasoro yoyote haiwezi kuuminya mwanga ukawa nukta ndogo isiyo na kipimo. Mwanga ukipita kwenye tundu husambaa kidogo. Kwa lenzi ya f/1.8, nukta ndogo kabisa ya mwanga wa kijani inayoweza kuchorwa kwenye kihisi ina upana wa kama maikroni 2.4. Linganisha na pikseli ya 0.64. Nukta moja ya mwanga inafunika karibu pikseli nne kwa upana. Kuzigawanya pikseli ziwe ndogo zaidi ya hapo ni kama kuchora kwa kalamu yenye ncha nene kwenye daftari la mistari myembamba sana: mistari ipo, lakini ncha ni ileile. Na lenzi za simu za bei ya kati hazikosi kasoro, hasa kwenye pembe za picha.

Mkono wa mtoto

Uso wa bibi ulipotezwa na chenga. Mkono wa kitukuu ulipotezwa na kitu kingine.

Mwanga ukiwa mdogo, kamera huacha mlango wake wazi kwa muda mrefu zaidi ili ikusanye wa kutosha. Tuseme sebuleni iliuacha kwa sehemu ya kumi na tano ya sekunde. Mtoto akipunga mkono kwa mwendo wa sentimita 30 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa kawaida kabisa wa mtoto mchanga anayejinyoosha, mkono utakuwa umesogea sentimita 2 kabla mlango haujafungwa. Sentimita 2 ni zaidi ya unene wa kidole chake. Megapikseli 12 zitauchora ukungu huo, na megapikseli 50 zitauchora ukungu uleule kwa uangalifu zaidi.

Simu ya shangazi iliponea kwa sababu mbili. Ilipata mwanga zaidi, hivyo haikuhitaji kuuacha mlango wazi muda mrefu hivyo. Pia ina lenzi inayoelea na kufuata mtikisiko wa mkono wa mpigaji, teknolojia inayoandikwa OIS kwenye orodha ya sifa na ambayo simu nyingi za bei nafuu hazina. OIS haizuii mtoto kusogea, lakini inaondoa mtikisiko wa mtu aliyeshika simu, na usiku mambo hayo mawili hujumlishwa.

Hii haina maana kwamba kila mtu akimbilie simu kuukuu. S9 haipati tena masasisho ya usalama kutoka kwa mtengenezaji, na betri ya simu ya umri huo ni bahati nasibu. Kijana angeweza kuipata picha yake kwa simu aliyonayo: kumsogeza bibi chini ya taa, kuufuta mgongo wa kamera uliojaa mafuta ya vidole kwa kitambaa kikavu, kuegemeza viwiko kwenye meza, kusubiri mtoto atulie, na kupiga picha sita badala ya moja. Kuwasha taa ya pili kungemsaidia kuliko megapikseli 50 nyingine.

Ushauri huohuo unamfaa mzazi anayeombwa na daktari amtumie picha ya upele wa mtoto. Apige mchana karibu na dirisha, bila flashi, maana flashi ya karibu hung'arisha ngozi na kubadili wekundu wake. Asiisogeze simu hadi sentimita tano akidhani ndiyo itaona vizuri. Kamera kuu nyingi haziwezi kulenga kitu kilicho karibu namna hiyo na picha itatoka na ukungu. Akae sentimita 20 au 30, akuze mara mbili, aguse upele kwenye kioo ili kamera iulenge, kisha atume kwa HD.

Dukani ufanye nini

Mnunuzi anayetaka kujua kamera ataipima kwa dakika tatu, na muuzaji mwenye nia njema hatakataa. Aingie sehemu ya duka yenye kivuli, au afunike sehemu ya taa kwa mwili wake, na ampige picha mtu aliyesimama hatua mbili mbele. Akuze picha hadi aone nyusi. Kama nyusi ni nyuzi nyuzi, kamera inakusanya mwanga. Kama ni mstari mmoja kama uliochorwa kwa wanja, programu inafunika upungufu.

Kisha atafute kitu chenye maandishi madogo, boksi la chaja kwa mfano, aliweke hatua tatu mbali na apige mara mbili: mara ya kwanza kwa mpangilio wa kawaida, mara ya pili baada ya kuwasha 50MP au 108MP. Akuze zote mpaka maandishi yalingane kwa ukubwa. Herufi zikisomeka vizuri zaidi kwenye ya pili, megapikseli hizo zina kazi. Zikiwa sawa, ni mapambo. Zipo simu za majina yasiyojulikana ambazo huchukua picha ndogo na kuivuta iwe kubwa, faili linaandika megapikseli nyingi lakini hakuna kilichoongezeka ndani yake, na jaribio hili linaziumbua hapohapo.

Kwenye karatasi ya sifa, atafute ukubwa wa kihisi kabla ya megapikseli. Huandikwa kwa namna ya ajabu, kama 1/1.56 au 1/2.76 ya inchi. Namba ya chini ikiwa ndogo, kihisi ni kikubwa: cha 1/1.56 kina eneo la karibu mara tatu ya cha 1/2.76, na simu zote mbili zinaweza kuwa zimeandikwa 50MP mgongoni. Baada ya hapo aangalie f/ ya lenzi na kama kuna OIS. Zile kamera za pembeni za megapikseli 2 zinazofanya idadi ifike tatu au nne asizihesabu.

Megapikseli nyingi zina siku yake, na siku hiyo huwa na jua. Mahafali ya shule saa tano asubuhi, mzazi amekaa safu ya nyuma, mtoto yuko jukwaani na simu haina lenzi ya kuvuta mbali. Akikuza mara mbili picha ya megapikseli 12, zinabaki megapikseli 3. Akiwa amewasha 50MP, zinabaki 12 na nusu, na mwanga upo wa kutosha hata kwa vikombe vya kahawa. Hapo apige kwa 50MP, akate sehemu ya mtoto na cheti chake, achapishe, halafu arudishe mpangilio wa kawaida kabla ya kuingia ukumbini kwenye chakula.